Maneno Yasiyomfaa Mwingine

Tabitha hakuwa na huzuni. Huzuni aliijua. Ina uzito wake, na ina saa zake za kuja na za kuondoka. Hiki kilichomkaa kifuani mwaka mzima hakikuwa na uzito wowote. Aliamka, akafagia kibaraza chake jirani na soko la Nachingwea, akatoa cherehani nje, akakanyaga mpaka jua likapoa, akala kilichokuwepo, akalala. Watu wakimwambia "pole, fundi," alijibu "nimeshapoa," akaendelea kupindia sketi za shule. Kweli alikuwa amepoa, kama chai iliyosahauliwa mezani.

Alhamisi hiyo simu iliita akiwa katikati ya mshono. Alikuwa mama mkwe wake, Scola, anapiga kutoka Mandawa, upande wa Ruangwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tabitha, Jumamosi baba mdogo Tomasi anakuja hapa. Tunakaa kikao."

"Kikao cha nini, mama?"

"Unakijua. Silvanus mwenyewe ndiye kasema. Kasema uachiwe uendelee na maisha yako. Wewe bado kijana, una mikono yako. Uje tu, yaishe vizuri, watu wasije wakasema tulikufukuza."

Tabitha aliangalia sindano ilivyosimama ndani ya kitambaa. "Jumamosi hii?"

"Hii hii. Kwani kuna nini?"

"Hamna kitu, mama. Nipe niongee naye."

"Hataki simu. Unajua kwamba hataki simu."

Simu ilikatwa. Jumamosi hiyo ilikuwa kumbukumbu ya ndoa yao. Ama Scola alisahau, ama alikumbuka akaamua kunyamaza, na Tabitha hakuwa na nguvu ya kutafuta ni lipi kati ya hayo mawili.

Silvanus alikuwa fundi wa magari, na gereji yake haikuwa mbali na hapo. Agosti ya mwaka uliopita alikuwa anaunga nyaya kwenye betri ya lori la ufuta. Cheche iliruka, betri ikapasuka, maji yake makali yakamrukia usoni. Jicho la kulia likafa. La kushoto likabaki na mwanga tu, kujua kama dirisha limefunguliwa au limefungwa. Baada ya hospitali alikaa nyumbani, chumba cha ndani, miezi kadhaa. Halafu Scola akaja na gari la kukodi. "Wewe unashona kutwa," alimwambia Tabitha, "nani anamwangalia mwanangu?" Silvanus aliingizwa kwenye gari kama mzigo wa korosho, hakupinga, hakuaga. Tabitha alisimama na futi ya kupimia shingoni, hakulia. Majirani waliliona hilo wakaliweka akilini.

Na bado lilikuwepo suala la kadi.

Siku ya kuzaliwa ya Silvanus, Tabitha alinunua kadi dukani, ile yenye mauridi mekundu na maneno yaliyokwisha kuchapwa ndani. Alitia sahihi bila kusoma, akampa mfanyabiashara aliyekuwa anakwenda Mandawa. Kule, Scola aliifungua akamsomea mwanawe kwa sauti: *Wewe ni mboni ya jicho langu. Kila nikitazamana nawe naiona kesho yetu.* Silvanus alisema, "Rudia, mama." Scola akarudia. Silvanus aliomba apewe kadi mkononi, akaipapasa mpaka akapata mkunjo wake, akaichana taratibu hapohapo kwenye mkunjo. Tangu siku hiyo hakutaka neno lolote kutoka Nachingwea.

Tabitha alihadithiwa yote haya. Hata hapo hakulia. Aliwaza tu kwamba karatasi ilikuwa nzuri, ngumu, ingefaa kukatia kiolezo cha kola.

* * *

Mchana huo alikuja Protasi kupimwa shati.

Protasi hakuwa mtu wa kuja kimyakimya. Alikuwa kijana mwenye duka la kutolea kopi upande wa pili wa barabara, aliyejifundisha ushairi mwenyewe, na aliyeamini kwamba Nachingwea nzima haina mwingine. Hakuna harusi iliyopita bila beti zake. Ukimwambia mstari wake una mizani pungufu, alikuwa tayari kupigana.

"Mabega yawe mapana, fundi. Nasoma utenzi kwenye harusi ya mtoto wa diwani. Shati likinibana, pumzi inakatika kwenye kituo."

"Nyoosha mkono."

"Mbona cherehani yako inalia kama mbuzi? Ipake mafuta."

"Nyoosha mkono, Protasi."

Alinyoosha. Tabitha alipima, akaandika kwa chaki, kisha akajikuta anasema, bila kujua maneno yalikokuwa yamekaa: "Nataka uniandikie kitu. Cha mume wangu. Kumbukumbu ya ndoa, Jumamosi."

Protasi alifurahi kama aliyeitwa jina lake uwanjani. Alivuka barabara, hakukaa sana, akarudi na karatasi bado ina joto la mashine. Alisimama mbele ya kibaraza, akakohoa, akasoma:

*Waridi la moyo wangu, kipenzi nakuandika,*
*Mwangaza wa macho yangu, nyota iliyonishika,*
*Wewe ndiye tunda langu, asali isokauka,*
*Nakupenda peke yangu, hadi jua kuzimika.*

"Unaona vina vinavyokaa?" alisema. "Ngu, ka. Ngu, ka. Hata mstari mmoja haukuyumba."

"Silvanus haoni," Tabitha alisema, akiipokea karatasi.

Protasi aliacha kuhesabu vina. Alikuwa mgeni wa mwaka huo pale sokoni. Alimjua fundi, mumewe hakumjua. "Haoni vipi?"

"Betri ilimpasukia. Kwa hiyo 'mwangaza wa macho' siwezi. Nilishamtumia mboni ya jicho. Aliichana." Alisema kwa sauti ileile aliyotumia kusema vipimo vya mkono. "Na Jumamosi ndugu zake wanakaa kikao kunitoa kwenye ndoa."

Kijana alichukua karatasi kutoka mkononi mwake. Uso ulikuwa umemwiva, na Tabitha hakujua kama anamkasirikia yeye au Silvanus au betri.

"Usiitumie hii. Ukiitumia nitakukana mbele za watu." Aliikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kidonge. "Hii nilimpa dereva wa korosho ampe mchumba wake. Na mwalimu mmoja wa Kiegei. Wote walifurahi! Nikajua ni nzuri. Kumbe ilikuwa inamfaa kila mtu."

"Andika nyingine."

"Mimi? Mimi simjui mumeo. Nikiandika nitamwandikia tena yule dereva." Alivuta kigoda akaketi bila kukaribishwa. "Andika wewe. Mimi nitakata."

"Sijui kuandika."

"Unajua kushona. Gauni la mtu halimkai mwingine. Umeshanipima hapa, utanishonea shati la Mustafa?"

Mustafa, muuza salfa na pampu za kupulizia mikorosho kwenye duka la jirani, alisikia jina lake. "Mnanisema nini huko?"

"Tunakutumia kama kipimo, bwana mkubwa! Kaa hapohapo."

Tabitha alichana kipande cha karatasi ya kaki, ile anayokatia violezo. Alikaa na kalamu kwa muda mrefu. Aliandika, *Mume wangu mpenzi, nakupenda sana.*

"Soma halafu mweke Mustafa," Protasi aliamuru.

"Nimweke wapi?"

"Badala ya mumeo. 'Mustafa mpenzi, nakupenda sana.' Mstari umemkaa au haukumkaa?"

Tabitha alifikiri. "Umekaa."

"Kata."

Aliandika, *Tumepita mengi pamoja.*

"Mustafa mmepita naye mengi?"

"Alinikopesha mwavuli, masika."

"Kata!"

Aliandika, *Moyo wangu unaungua kwa kukukosa.* Akaukata mwenyewe kabla Protasi hajasema.

"Huo kwa nini? Ulikuwa na sauti nzuri."

"Kwa sababu hauungui." Aliweka kalamu chini. "Protasi, mimi sina kitu humu ndani. Sina. Nikikaa kutafuta naona kama ghala la korosho baada ya mnada. Nikiandika kwamba nalia usiku nitakuwa nadanganya, na yeye anasikia uongo hata kwenye injini. Sasa mtu asiyekuwa na kitu anaandika nini?"

Kijana alikigeuza kigoda chake. Aliangalia barabara. Bodaboda ilipita na vumbi lake jekundu, ikatulia.

"Basi usiandike ulichojisikia," alisema hatimaye, akisema polepole kama anayelitafuta neno mwenyewe. "Andika mlichofanya. Wewe ulifanya nini, yeye alifanya nini. Huyo mumeo, kitu gani kinamkera? Lakini usiwaze, jibu."

"Kitu kilicholegea," Tabitha alisema papo hapo. "Skrubu, bawaba, kifuniko cha sufuria. Akisikia kitu kinacheza hawezi kula."

"Haya." Protasi alisimama, akapangusa suruali. "Hapo Mustafa hakai. Mustafa mlango wa duka lake umelegea tangu nihamie hapa."

"Nimesikia hiyo!" alisema Mustafa.

* * *

Ijumaa aliandika, akakata, akaandika tena. Alijifunza kwamba maneno mabaya yanakuja kwanza na yanakuja kwa makundi, kama wateja wa sikukuu. *Penzi letu* lilipita kwa Mustafa. *Milele* ilipita kwa Mustafa. *Nguzo yangu* ilipita, tena Mustafa ni mnene, ingemfaa zaidi. Kila alipofuta, karatasi ilibaki na vitu vidogo visivyokuwa na sura ya mapenzi: sabuni, miiba ya samaki, mkanda wa cherehani.

Kulikuwa na jambo lingine la kufikiri. Silvanus hangesoma. Angesomewa. Na katika nyumba ile msomaji ni mmoja: Scola, msomaji wa masomo kanisani kwao, anayesoma kila kitu, hata maelezo ya dawa, kwa sauti ya mimbarini. Kwa hiyo Tabitha alikata sentensi fupifupi, ili pumzi ya mama mkwe isimlazimishe kuimba. Alitoa mabano. Alitoa mistari ya chini aliyopigia maneno mawili, kwa sababu mstari hausikiki.

Kisha akafika kwenye sentensi iliyomtaja Scola mwenyewe. Aliikata. Akaweka Mustafa kwenye sentensi zilizobaki, na zote hazikumkaa. Ila bila ile moja barua ilikuwa kama shati lisilo na kola. Akairudisha.

Mwisho aliandika *Rudi nyumbani.* Akayaangalia maneno hayo mawili muda wa kushona pindo zima. Yangemfaa kila mume aliyeondoka. Na tena yalikuwa amri, na Silvanus alikuwa ameamrishwa vya kutosha mwaka huo: kaa, lala, fungua mdomo, nyoosha mguu. Aliyakata. Barua ikaishia palipokuwa hapajakaa vizuri kuishia. Akaiacha.

* * *

Nyumba ya Mandawa ilikuwa inanuka salfa. Msimu wa kupulizia ulikuwa haujaisha, na unga wa njano ulikuwa umeshika hata kwenye majani ya mpapai nyuma ya jiko. Tabitha alifika Jumamosi kabla ya mchana, ana vumbi mpaka kwenye kope.

Walikuwa wamekaa barazani. Baba mdogo Tomasi kwenye kiti cha mgongo, koti begani pamoja na joto lote lile. Scola kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Silvanus kwenye benchi lililobandikwa ukutani, miwani nyeusi usoni, mikono imelala juu ya mapaja kama ya mtu anayesubiri kupigwa picha. Mikono ilikuwa safi. Hilo ndilo lililomgonga Tabitha. Hakuwahi kuiona bila grisi kwenye kucha.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama, karibu," alisema Tomasi. "Mbona peke yako? Watu wenu wako wapi?"

"Nimekuja peke yangu." Aligeuka. "Silvanus."

"Tabitha." Alielekeza uso kidogo pembeni yake, alikosimama dakika moja kabla. "Umekuja na basi la asubuhi. Lile breki zake zinasaga. Nimelisikia likipita."

"Ndiyo."

Tomasi akakohoa, akaanza kwa njia ya wazee, kwamba hakuna ugomvi, hakuna aliyemkosea mwenzake, kwamba ni mapito tu, kwamba kijana ameona mbali na si vema kumfunga mtoto wa watu.

"Kabla hujaendelea, baba," Tabitha alisema, "leo ni kumbukumbu ya ndoa yetu. Nimekuja na barua yake. Naomba nimsomee, halafu muendelee."

Scola alivuta hewa kwa meno. "Barua nyingine? Ile ya kwanza haikutosha kumuua mtoto?"

"Ile haikuwa barua, mama. Ilikuwa kadi."

"Kikao si mahali pa barua," Tomasi alisema.

"Asisome yeye," Silvanus alisema.

Wote walimgeukia.

"Akisoma yeye nitasikia anavyonihurumia, kwenye sauti. Sitaki." Alinyoosha mkono hewani. "Soma wewe, mama. Wewe unasoma kila kitu sawasawa. Kisha baba mdogo aendelee."

Tabitha alikaa ukingoni mwa mkeka, akatoa ile karatasi ya kaki. Scola aliipokea kwa ncha za vidole, akavaa miwani yake, akaigeuza, kwa sababu upande wa nyuma kulikuwa na mchoro wa mkono wa shati. Akanyoosha mgongo. Mazoea ni mazoea. Alipofungua kinywa sauti ilitoka kubwa na ya taratibu, kana kwamba mbele yake kuna waumini.

"*Silvanus. Leo ni kumbukumbu ya ndoa yetu. Mwaka huu umekuwa mbaya na sitausifia.*" Alimtazama Tabitha juu ya miwani, akaendelea. "*Sikulia. Watu walisema mimi ni jasiri, wengine walisema sina moyo. Machozi hayakuja tu. Siku moja nilikuwa nakuosha mgongo, nikajiona kama naosha* … naosha *sufuria*?" Scola alishusha karatasi. "Sufuria! Tomasi, unasikia? Mwanangu ni sufuria!"

"Endelea, mama," Silvanus alisema.

"Siendelei na matusi."

"Mama. Endelea."

Scola alitafuta mstari kwa kidole. "*Wewe ukasema, Taratibu, hilo sizi halitoki. Sikucheka. Nilicheka baadaye sana, niko peke yangu, nakata kola. Nilikosa wa kumwambia kwamba nimecheka.*"

Kitu kilitembea kwenye kona ya mdomo wa Silvanus, kikarudi mahali pake.

"*Nilikuwa nakuachia samaki na miiba yake. Mama anakutolea miiba. Anafanya hivyo kwa mapenzi na simlaumu.*" Sauti ya mimbarini iliteleza hapo, ikapungua. Scola alisoma yaliyofuata kama mtu anayevuka mtaro. "*Mimi nilikuachia, na wewe ulinikasirikia, ukasema nakutesa. Sikuwa nakutesa. Vidole vyako vinafungua kabureta, samaki ni nini? Siku ulipomaliza samaki mzima, ulipanga miiba pembeni mwa sahani kama unavyopanga skrubu, mikubwa huku, midogo huku. Nilisimama mlangoni nikakuangalia mpaka ulipomaliza. Sikukwambia. Nakwambia leo.*"

Kuku alipita katikati ya baraza. Hakuna aliyemfukuza.

"*Nilipokuwa nashona kibarazani na wewe umelala ndani, ulikuwa unaniita. Hukuwa unaomba maji. Ulikuwa unasema, Mkanda umelegea. Ulisikia kabla yangu. Nikiukaza, unanyamaza. Siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu yote.*" Scola alikuwa anasoma kwa sauti ya chini sasa, ya mtu mmoja. "*Tangu uondoke, cherehani inalia. Inalia kila ninapokanyaga. Wateja wananiambia nipake mafuta. Mafuta yapo kwenye droo. Sijapaka. Tabitha.*"

Aligeuza karatasi kutafuta mwisho. Alikuta mkono wa shati. "Neno la …" alianza kwa mazoea ya kanisani, akajikamata, akafunga kinywa.

Tomasi alikuwa anaangalia viatu vyake. "Ndiyo," alisema. "Sasa. Kama nilivyokuwa nasema, hakuna aliyemkosea …"

"Inaliaje?" Silvanus aliuliza.

"Nani?" alisema Tomasi.

"Cherehani." Alikuwa ameinua kichwa, na safari hii uso ulielekea palepale Tabitha alipokaa. "Inalia ukikanyaga kwa vidole au kwa kisigino?"

Tabitha alilazimika kufikiri. Mguu wake ulijibu kabla yake. Ulikanyaga sakafu mbele, ukakanyaga nyuma. "Kwa kisigino."

"Kisigino tu? Ukirudi mbele inanyamaza?"

"Inanyamaza."

"Basi si mkanda. Na usipake mafuta, umefanya vizuri. Yatanyonya vumbi tu pale. Ni ile fimbo ya chini inayoshika gurudumu, skrubu yake imefunguka. Ukiendelea kukanyaga italiwa." Kisha kwa sauti iliyokuwa na ukali, ukali wa zamani wa gereji ambao Tabitha alidhani ulibaki kwenye lile lori la ufuta, akasema: "Miezi yote hiyo unaisikia na unaiacha tu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Swali lilikuwa dogo, na barua ilikuwa imekwisha kulijibu, na wote pale walijua. Tabitha alisema tu: "Sijui kukaza."

"Unajua. Nilikuonyesha."

"Nimesahau."

"Mwongo." Alisema hivyo kama mtu anayepokea kitu mkononi na kukipima. "Fanya mlio. Huenda si fimbo."

"Nini?"

"Nifanyie mlio wake. Kwa mdomo. Siwezi kuja kuitazama, si ndiyo? Fanya."

Tabitha alimwangalia mama mkwe, akamwangalia baba mdogo na koti lake. Aliweka mikono juu ya magoti. "Kwii," alisema.

"Hapana. Hiyo ni bawaba ya mlango. Fanya sawasawa."

"Kwiii-k."

"Mwishoni inakatika au inavuta?"

"Inakatika. Kwiii-*k*."

"Tena."

Akafanya tena. Silvanus aliinamisha kichwa upande wa sikio la kushoto, kama alivyokuwa akiinama juu ya injini watu wote wakiamriwa kunyamaza, na kidole chake kimoja kilianza kugonga paja kwa mwendo wa mguu wa mkewe. Tabitha alitaka kufanya mara nyingine, ikatoka kwikwi. Kitu kisichokuwa na uzito mwaka mzima kilikuwa kimepata uzito ghafla, na kilikuwa kizito kuliko alivyokumbuka. Alifunika mdomo kwa kiganja. Maji yalimtoka machoni yakachora njia kwenye vumbi la safari.

"Hapo umeharibu," Silvanus alisema taratibu. "Hiyo si cherehani."

"Siyo," alisema Tabitha.

Silvanus alinyoosha shingo kuelekea kwenye mkeka. "Mama. Mfuko wangu wa spana umeuficha wapi?"

"Sikuuficha," Scola alisema. "Niliuweka tu. Nilidhani utaugusa uumie."

"Uko wapi?"

Scola alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Aliikunja ile karatasi ya kaki, akataka kumrudishia Tabitha, akabadili mawazo, akaiweka juu ya paja la mwanawe na kuugandamiza mkono wa Silvanus juu yake. Halafu akaingia ndani. Walisikia akivuta sanduku chini ya kitanda, vyuma vikigongana.

Tomasi alisimama, akakung'uta koti. "Sasa kikao mnakiwekaje?"

"Kitasubiri, baba mdogo," Silvanus alisema. "Kuna cherehani imelegea Nachingwea."

Alikuwa bado hajamgusa mkewe, wala Tabitha hakujua kama angependa aguswe. Alijua tu kwamba mguu wake ulikuwa unaendelea kukanyaga sakafu, kisigino, vidole, kisigino, na kwamba kule kwenye benchi kidole cha mumewe kilikuwa kinaufuata bila kupotea.